Barua ya kufuatana na daftari la kumbukumbu

Nilipochaguliwa katibu wa chama chetu cha ustawi hapa Nairobi, nilipewa daftari la kumbukumbu lenye jalada la kaki, nikaombewa heri, basi. Wiki ya pili mweka hazina akanipitia twende benki kubadilisha watia sahihi. Benki ikataka nakala ya kumbukumbu za mkutano mkuu uliotuchagua, zenye sahihi. Nikalifungua daftari hilo. Kumbukumbu zilikuwepo, hati nzuri kabisa, lakini mahali pa sahihi pa mwenyekiti palikuwa patupu kwa kuwa zilikuwa hazijathibitishwa. Wanachama wawili wakabishana kuhusu mtia sahihi wa tatu, na rasimu ya mkutano ilikuwa imeondoka na katibu wa zamani. Wiki tano nzima hundi za rambirambi hazikutoka, na kuna familia mbili zilizokuwa zimefiwa.

Kwa hiyo wewe katibu unayetoka ofisini, aya ya kwanza ya barua yako ya makabidhiano ieleze hali ya daftari lenyewe. Mimi niliandika hivi:

"Nakukabidhi daftari namba 3, kurasa 1 hadi 92. Ukurasa wa 41 nimeukata kwa mstari mmoja, sahihi yangu iko pembeni. Kumbukumbu za mkutano mkuu wa tarehe 16 Machi, kurasa 87 hadi 92, bado hazijathibitishwa. Rasimu yake nimeiambatisha."

Hayo ya mwisho ndiyo mazito. Katibu mpya asizinakili upya kwa mtindo wake. Atazisoma kikaoni kama zilivyo, masahihisho yaandikwe kwa kalamu, waliohudhuria siku ile wapendekeze na kuunga mkono, kisha mwenyekiti atie sahihi na tarehe ya siku hiyo ya kuthibitisha, si ya mkutano wa nyuma.

Aya inayofuata ni ya yatokanayo ambayo hayajakamilika. Taja ukurasa, uamuzi na aliyepewa kazi: "Uk. 90, mweka hazina kuuliza bei ya hema, bado hajaleta jibu." Ugomvi wa wanachama usiuandike humo, maana barua hii itakaa kwenye faili na yeyote atakayekuja ataisoma. Hayo mwambie mwenzako kwa mdomo. Malizia na muhuri, hati ya usajili na nakala za taarifa za mwaka tulizopeleka kwa Msajili wa Vyama, Sheria House, ukitaja mwaka wa mwisho uliowasilishwa.

Chapa nakala mbili, lakini msitie sahihi kabla ya kuketi mezani na kuhesabu kurasa pamoja. Tulipohesabu mimi na aliyenirithi, tuligundua namba 63 imerukwa, hakuna karatasi iliyong'olewa. Tukaliandika hilo papo hapo kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, kila mmoja akaweka herufi za jina lake kando, na mwenyekiti akashuhudia.