Rangi ya kona ya maombi: kijivu ama nyeupe?

"Nataka kona ya kuomba na kusoma kwa sitingirumu, dirisha linaangalia ukuta wa ploti ya jirani. Nipake kijivu ama nyeupe?"

Achana na zote mbili dadangu. Hapo mwanga ni kidogo na kijivu kikikosa mwanga kinageuka kama simiti, sanasana Julai Nairobi ikiwa na mawingu wiki nzima, nayo nyeupe kabisa inakaa baridi, ya hospitali. Mimi ningechukua krimu iliyo na umanjano kidogo, halafu ule ukuta mmoja utakaoangalia ukiomba uwe kijani kilichofifia, kile cha majani makavu, si cha ndimu.

Lakini usichague kwa kile kikaratasi cha rangi cha hadiwea, juu ni kidogo sana. Nunua kopo dogo, paka kadibodi kubwa mara mbili, ikauke kabisa, uiegemeze hapo kwa kona uiangalie asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa ikiwaka. Kama ukuta wa jirani ni matofali mekundu utaona krimu inavuta upinki mchana, hapo jaribu krimu inayovuta kijani kidogo.

Balbu pia, angalia boksi, iwe 2700K ama 3000K. Ile ya 6500K ina mwanga wa bluu, itaua hiyo krimu yote.

Na mwambie fundi akuwekee rangi isiyong'aa, yenye kung'aa itarudisha mwanga wa taa machoni ukisoma, ingawa isiyong'aa ukiisugua sana inaacha alama.