Malkia wa Panga: ni yeye au ni mimi?

“Nilipanga karata tatu za taroti: mimi, mchumba wangu, na kinachotutenganisha. Hiyo ya tatu ikatoka Malkia wa Panga. Je, ndiye yule mwanamke wa kazini kwake?”

Dada yangu, nafasi uliyoipa karata ndiyo inayoamua, si sura iliyochorwa. Uliuliza “kinachotutenganisha”, hukuuliza “anayetutenganisha”; kwa hiyo msome kwanza Malkia huyu kama mwenendo: upanga umesimama wima, mkono wa kushoto umeinuliwa mbele, mtu anayekata maneno na kupima kila kauli. Jiulize kama ndivyo unavyomhoji mchumba wako kila arudipo jioni. Ikiwa ndivyo, karata inakuzungumzia wewe, na yule wa kazini hayumo mezani, ingawa najua ndiye uliyetaka kumwona.

Malkia huyu angekuwa mtu mwingine iwapo ungemtengea mtu huyo nafasi yake kabla ya kuchanganya karata, na hata hapo jinsia isikupoteze, kwa kuwa Malkia huweza kumwakilisha mwanamume mwenye tabia hizo. Usiongeze karata ya nne ili “kuthibitisha”, maana utaendelea kuchomoa mpaka hofu yako ijibiwe. Wala karata si ushahidi wa usaliti. Hilo muulize mchumba wako mwenyewe.