Nairobi 2009 hadi 2019: ni asilimia ngapi kwa mwaka?

Swali: "Sensa ya 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369, ya 2019 ikawa 4,397,073. Kwa mwaka ni asilimia ngapi?"

— Ongezeko ni 40.1%. Gawa kwa 10, upate 4.01%.

— Hiyo 40.1% ni sahihi, ila kugawa kwa 10 ndiko kunakopotosha, kwa sababu kila mwaka asilimia inahesabiwa juu ya watu walioongezeka tayari. Jaribu kukuza 3,138,369 kwa 4.01% mara kumi: unafika kama milioni 4.65, umezidisha watu robo milioni! Gawa mwisho kwa mwanzo, upate 1.401, kisha utafute kipeo cha 1/10. Kwenye Excel andika:

```
=(4397073/3138369)^(1/10)-1
```

Inatoka 0.0343, yaani 3.43% kwa mwaka. Mabano ya 1/10 usiyaache. Ukiandika ^1/10 utapata karibu -86%, maana inagawa jibu kwa 10 badala ya kutafuta kipeo. Na miaka ni 10, si 11: hesabu hatua za kutoka mwaka hadi mwaka, si miaka yenyewe.

— Mimi chama chetu kilianza na 50,000, sasa tuna 180,000 baada ya miaka 3. Tumekua 53%?

— Mlikuwa mnachanga kila mwezi? Basi hapo michango imechanganyika na faida, na fomula hii haiwezi kuitenganisha. Leta tarehe za michango kwanza.