Picha ya akili mnemba au picha ya kweli? Niliyowaambia wauza kanga

Kikundi cha akina mama wanaouza kanga na vitenge kiliniomba nikaongee nao kidogo kuhusu matangazo yao ya WhatsApp. Kazi yangu ni kupiga picha za bidhaa hapa Kariakoo, na siku hizi swali ninaloulizwa sana ni hili: nikulipe ya nini, wakati simu inanitengenezea picha bure? Swali ni la haki. Tena kuna matangazo ambayo mimi mwenyewe nakushauri usinilipe hata shilingi.

Nilianza kwa kuwauliza mteja wao anaifanyia nini ile picha. Wenyewe wakajibu: anaikuza, anaizungushia duara jekundu, anaituma tena na kuandika "nataka hii, ya rangi ya pili". Basi hapo picha imeshakuwa sampuli. Mteja wa Mwanza au Mtwara hawezi kuja kushika kitambaa, kwa hiyo anachokilipia ni kile anachokiona. Lakini ukituma tangazo la "Idi Mubarak, tutafungua saa nne", hakuna anayenunua mwezi na nyota zilizomo. Hiyo ni pambo. Mimi natenganisha hivyo tu: sampuli ipigwe picha ya kweli, pambo litengenezwe na yeyote, hata na mashine.

Wengine walinung'unika. Dada mmoja alisema yeye hatungi kitu, anaipa programu picha ya kanga yake halisi na kuomba imvalishe mwanamke aliyesimama ufukweni. "Kanga ni ileile, mandhari tu ndiyo mapya." Nikamwambia tujaribu hapohapo.

Tukachukua doti moja mezani: pindo jeusi, mji wa korosho nyekundu juu ya nyeupe, jina MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Akaipiga picha, akaiingiza kwenye programu, na picha ikatoka nzuri kweli, kila mtu akaguna kwa kuipenda. Kisha nikawaomba waikuze kwenye jina. Palisomeka MGENI NJOO MWENYEJI APOME, na neno la kwanza lilikuwa na herufi moja iliyopinda isiyo N wala M. Tukashuka kwenye mji: korosho za chini zimegeuka majani. Pindo la kushoto jembamba, la kulia nene, na weusi wake umeingia ubluu. Tukaiweka picha kando ya kanga yenyewe, yule dada akacheka mwenyewe.

Ile programu haikati kitambaa chako na kukibandika mwilini mwa mtu. Inakiangalia, halafu inachora upya kitu kinachofanana nacho. Kwa ndoo ya plastiki ya rangi moja huenda usione tofauti. Kanga ndiyo inayoiumbua, kwa sababu kila kitu chake ni mpangilio: pindo lazima lizunguke sawasawa pande zote nne, mji una mchoro wake, na jina likikosea herufi moja si jina tena. Na wanunuzi wa kanga mnawajua. Kuna anayenunua kwa ajili ya jina tu, ampelekee mkwewe au jirani, na ujumbe ufike. Programu zinazidi kuboreka, na nyingine siku hizi zinaandika maneno vizuri. Hata hivyo, usiitume kabla ya kuikagua ukiwa na kitambaa mapajani: soma jina herufi kwa herufi, tazama pembe zote nne za pindo, kisha fuatisha umbo moja la mji kutoka juu hadi chini uone kama halibadiliki njiani. Kikikosekana kimoja, hiyo si picha ya kanga unayouza.

Kuondoa mandhari ya nyuma ni jambo jingine. Ukifuta meza na miguu ya watu na kuacha kanga juu ya nyeupe tupu, kitambaa chenyewe hakijaguswa, ila angalia kingo, maana wakati mwingine programu hula nyuzi za pembeni au kipande cha pindo. Filta ya kung'arisha rangi ndiyo siipendi kabisa. Zambarau ikishakolezwa, mzigo ukifika mteja anaona umemletea nyingine.

Picha ya kweli nayo haihitaji kamera ya bei. Tandika kanga karibu na dirisha au mlango saa za asubuhi, pasipo jua la moja kwa moja, na uzime taa ya ndani, kwa sababu balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje, nyeupe inageuka maziwa ya jana. Weka karatasi nyeupe kando yake. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye simu, rangi za kanga nazo ziko karibu na ukweli, na baadaye unaweza kuikata karatasi hiyo kwenye picha. Usiwashe mwanga wa kamera. Piga tatu: moja ya kanga nzima hadi kwenye mapindo yote, moja ya jina kwa karibu, na moja ukiwa umeweka kiganja nyuma ya kitambaa. Hiyo ya kiganja inauza kuliko zote, kwa sababu mteja anaona wepesi au uzito bila kuuliza, na mashine haiwezi kuujua uzito wa mzigo wako.

Kwa mapambo, endeleeni bila wasiwasi: salamu za sikukuu, mandhari ya orodha ya bei, tangazo la kuhamia duka jipya. Ila maneno na bei andika mwenyewe juu ya picha, usiiachie programu, na duka lisichorwe likiwa na vioo na ngazi za marumaru wakati mnauzia kwenye kizimba. Mtu akija akakukosa, anarudi kwao. Na kitu kimoja sikubaliani nacho hata kikiitwa pambo: sura ya mteja asiyekuwepo, anatabasamu na kushika mzigo, chini pameandikwa "nimeridhika sana". Huo ni ushahidi wa uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria haijali ulimpotosha kwa kalamu, kwa kamera au kwa programu.

Mwishoni mama mmoja anayeshona magauni ya vitenge akauliza: gauni halijashonwa, mteja anataka aone litakavyokaa, afanyeje? Hapo nilikubali picha ya kutengenezwa, kwa kuwa wote wawili wanajua kwamba ni mshono unaozungumzwa. Iandikwe juu kabisa "mfano wa mshono", na chini yake iwekwe picha ya kweli ya kitenge chenyewe, iliyopigwa dirishani. Gauni likishashonwa, ile ya mfano iondoke kwenye matangazo. Akauliza amvalishe nani, maana wanamitindo ghali. Nikamwambia amvalishe binti yake akikubali, na kama hataki sura yake ionekane, akate picha shingoni. Gauni halina haja ya uso.