Ukirudisha valvu kwenye AUTO, isiruke

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku. Kipima kina cha tangi kilikuwa kinasafishwa, kwa hiyo valvu ya kuingiza maji tuliiweka MANUAL, ikakaa 35% kwa saa mbili. Kipima kiliporudi, nikabonyeza AUTO. Ndani ya sekunde moja valvu ikafunguka hadi 100%, na bomba likagonga kwa kishindo hadi mwenzangu akatoka nje kuangalia kama limepasuka.

Bomba lilikuwa zima. Shida ilikuwa kwenye programu. Muda wote ule tulioshika valvu kwa mkono, kidhibiti kiliendelea kujumlisha makosa kimyakimya, kikidhani bado kinaiongoza. Jumla ilishafika kileleni, ikisubiri kufunguliwa mlango tu.

Dawa ni kuifanya ile jumla ifuate mkono wa mwendeshaji, mzunguko kwa mzunguko. Hapa SP ni kina tunachokitaka, PV ni kina kilichopimwa, I ni ile jumla, OUT ni amri inayokwenda kwenye valvu na MAN_OUT ni ile ya mwendeshaji; Kp ni nguvu ya kidhibiti, Ti ni muda wa kujumlisha na dt ni muda wa mzunguko mmoja:

```
IF MANUAL THEN
  OUT := MAN_OUT;
  I := OUT - Kp*(SP - PV);
ELSE
  I := I + (Kp/Ti)*(SP - PV)*dt;
  OUT := Kp*(SP - PV) + I;
  MAN_OUT := OUT;
END_IF;
```

Chukua usiku ule: SP 60%, PV 52%, Kp 2, valvu 35%. Tofauti ni 8, mara 2 ni 16, hivyo I inawekwa 19. Ukibonyeza AUTO, 16 na 19 zinarudisha 35 ileile. Kisha valvu inaanza kupanda taratibu: kwa Ti ya dakika 4, na kina kikiwa bado hakijabadilika, ni kama 4% kwa dakika. Mstari wa MAN_OUT nao unakulinda unaporudi MANUAL, usije ukakuta namba ya juzi.

Kuna mtego ulionipotezea siku nzima. Tangi likiwa chini sana, tuseme PV 35%, tofauti ni 25 na I inapaswa kuwa -15. Mtu aliyezuia I isishuke chini ya sifuri atapata 50 badala ya 35, na valvu itaruka tena. Weka mipaka ya 0 hadi 100 kwenye OUT. I iachie nafasi ya kwenda hasi, na OUT ikigota mpakani, simamisha kujumlisha.

Wengine huifanya SP ifuate PV wakati wa MANUAL. Inatuliza kweli, ila mimi siipendi kwenye tangi: ukirudi AUTO, kidhibiti kitalinda 52% kwa uaminifu wote, na aliyesahau kurudisha 60% atagundua asubuhi.

Hesabu hii pia haijui kama mtu amezungusha gurudumu la valvu, au amebadilisha mwendo wa pampu kwenye vitufe vya kiendeshi chake. Hapo OUT ni hadithi tu. Soma mkao halisi wa valvu au mwendo halisi wa pampu, uuingize kwenye MAN_OUT kabla ya kukabidhi.

Kujaribu, iache SP mbali na PV kwa makusudi. Zikiwa sawa, hata programu mbovu inaweza kupita bila kuonekana.