Printa moja, watu kibao: mpangilio wa foleni kwa mlioingia karakana mwezi huu

Wadogo zangu, Jumamosi nimekaa pale karakana nikaangalia mnavyogombania ile printa ya 3D na roho imeniuma kweli, kwa sababu huo ugomvi waliowatangulia walishaumaliza kabla hamjaja, sheria zipo, tatizo zimebaki vichwani mwa watu hazijaandikwa popote. Sasa naziandika. Mashine mnaijua, slaisa mnaijua, kwa hiyo sitafundisha kupakia filamenti hapa, naongelea foleni tu.

1. Nafasi inabukiwa kwa masaa, sio kwa jina. Kwenye grupu naona mtu anaandika "naomba nafasi Jumamosi" af basi, wa pili anaandika "na mimi", wa tatu "nipo nyuma yake", mnafika watu watano na hakuna anayejua kazi ya mwenzake inakula muda gani. Hiyo sio foleni. Kabla hujaandika jina lako kwenye daftari, slaisi faili lako, soma muda uliotoka, halafu ongeza robo, maana slaisa mara nyingi haihesabu muda wa kupasha bedi na nozeli na mashine yenyewe ina uzito wake kwenye kona. Ikikwambia masaa mawili, andika mawili na nusu.

Tuchukue ile Jumamosi yenyewe tuifanyie hesabu. Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na mbili jioni. Aliyefika wa kwanza alikuwa na kasha la taa ya wavuvi wa dagaa, masaa sita. Nyuma yake kuna kishikio cha nusu saa, gia ya dakika 45, bomba la kuunganishia la saa moja na robo, na stendi ya masaa mawili, na nyongeza ya robo tuseme imo humo humo. Kila kazi ikiisha kuna dakika kama 20 zinapita kabla ya nyingine kuanza, kwa sababu lazima bedi ipoe ndo kipande kiachie chenyewe, ufute na spiriti, upashe tena. Anayeng'oa kikiwa cha moto anaondoka na bedi yenyewe.

Mkifuata aliyewahi, kasha linamaliza saa nane mchana. Mwenye kishikio cha nusu saa kakaa toka asubuhi, anachukua chake karibu saa tisa. Gia inatoka saa kumi kasoro dakika tano, bomba saa kumi na moja na nusu, na mwenye stendi anapata mashine zimebaki dakika 10 kufunga, anarudi Igoma mikono mitupu. Watu wanne wamepoteza siku kwa ajili ya mmoja.

Geuzeni, fupi zitangulie. Kishikio kinatoka saa mbili na nusu, gia saa tatu na dakika 35, bomba saa tano na dakika 10, stendi saa saba na nusu. Wanne wote wameshaondoka kabla ya mwenye kasha kukosa chochote cha maana, ila yeye akianza saa nane kasoro anamaliza karibu saa mbili usiku, na hatuachi mashine inapasha bila mtu, hilo halina mjadala, ni moto ule. Hapo ndo dogo alitakiwa kulikata kasha lake: bodi masaa matatu na nusu, kifuniko mawili na nusu, mafaili mawili. Bodi inaanza saa nane kasoro dakika 10 inamaliza saa kumi na moja na dakika 20, kifuniko siku inayofuata. Na faida nyingine, kifuniko kikiharibika bodi yako iko salama, hurudii masaa sita yote.

Lakini msije mkaifanya hii sheria ya fupi kuwa silaha. Fupi zikiwa zinaingia kila siku, mwenye kazi ndefu hatafika milele, nimeshaona binti mmoja anasogezwa wiki nzima na watu wa vishikio, mpaka akaacha kuja. Ndo maana Jumatano ni siku ya ndefu tu, kazi moja yenye zaidi ya masaa manne, na hata ukija na kitu cha dakika 15 siku hiyo unasubiri Alhamisi. Tafadhali msiombe msamaha wa Jumatano, mnamweka msimamizi pabaya.

Na kabla ya kulilia muda mrefu angalia setingi zako. Kipande cha milimita 60 kwenda juu ukikislaisi kwa leya ya 0.12 ni leya 500, kwa 0.2 ni leya 300. Kishikio cha ufagio hakihitaji 0.12.

2. Mwenye kazi anakaa mpaka leya ya kwanza iishe. Hapa nawaomba sana. Mtu anabonyeza anza, anatoka kwenda kula samaki Kirumba, kona inanyanyuka dakika ya nane, na mashine inaendelea kumwaga nyuzi hewani mpaka mtu mwingine aione. Masaa yamekwenda, filamenti imekwenda, na foleni nzima imesogea. Chuchumaa uangalie kwa ubavu: mistari inatakiwa ishikane pembeni na iwe imebonyea kidogo, ukiiona mviringo kama tambi nozeli iko juu mno, ukiona bedi inachungulia katikati ya mistari simamisha mapema. Kazi ikifa mwenyewe hukuwepo, unarudi mwisho wa foleni. Ikifa ukiwepo, unapewa jaribio moja ndani ya muda wako uliobaki, muda ukiisha unampisha anayefuata.

3. Umeme ukikatika. Ukisharudi, kioo cha mashine kinauliza kama uendelee. Usikimbilie kukubali. Gusa kipande kwanza bila kukisukuma: bedi ikishapoa PLA huwa inaachia, ukiendelea nozeli inakigonga na kukiburuza. Umekatika dakika mbili tatu na bedi bado ina joto, endelea. Bedi imeshapoa na kipande kinacheza, futa kazi, andika "umeme" kwenye daftari, na mwenye kazi anakuwa wa kwanza siku inayofuata, mara moja tu. Hii haihusiani na kosa lake kwa hiyo asipelekwe nyuma.

4. PETG tunaikusanya Ijumaa. Wale wa taa za dagaa mnaihitaji kweli, PLA inalainika kwenye nyuzi 60 hivi na kwenye mtumbwi juani inapinda, sawa, ila kubadilisha kutoka PLA ya nyuzi 200 kwenda PETG ya 235 na kurudi ni kusafisha nozeli kila mara na ile ni foleni inayoliwa bure. Ikusanyeni siku moja. Rola zikitoka kwenye mashine zinarudi kwenye ndoo yenye mfuniko na silika jeli, hewa ya ziwa hii inazilowesha, ukisikia nozeli inapasuka pasuka ujue filamenti imeshanyonya maji.

Jina la faili lianze na herufi zako na muda, mfano `JM_0h45_gia.gcode`, kile kioo hakionyeshi jina refu lote na juzi mtu kaprinti kazi ya mwenzake.

Daftari liko kwenye droo ya kushoto, safu ya mwisho ni ya muda halisi uliotumika. Ijazeni, mwisho wa mwezi tutaangalia kama ile robo inatosha au tuiongeze.