Hundi iliyoingia kisha ikakatwa

"Wakuu, hundi ya milioni 3 iliingia kwenye akaunti yangu Jumatatu, Alhamisi nakuta imekatwa yote. Benki ina haki hiyo?"

Pole sana ndugu. Ndiyo, inayo. Jumatatu benki yako iliandika tu kwamba imepokea hundi. Hela yenyewe ilikuwa bado kwa benki ya aliyekuandikia. Taswira ya hundi hupelekwa huko, nao wakaangalia salio, saini, tarehe, na kama maneno yanalingana na tarakimu. Wakikataa, hundi inarudi na yale maandishi ya awali yanafutwa.

Yalinikuta hapa Moshi, nilipouza magunia 40 ya mahindi kwa shilingi 80,000 gunia. Simu ilionyesha salio la 3,200,000, nikampigia mwenye lori aje achukue chake. Kaunta wakaniambia kiasi kinachoweza kutolewa ni sifuri. Niliudhika, lakini yule dada wa kaunta aliniokoa: siku mbili baadaye hundi ilirudi, akaunti ya mnunuzi haikuwa na fedha za kutosha. Ningekuwa nimeshazitoa, ningedaiwa mimi.

Kesho nenda tawini uombe hundi iliyorudishwa au nakala yake, usome sababu. Kama ni saini au tarehe, mwandikaji akuandikie nyingine. Kama ni salio, usikubali hundi tena. Mwambie ahamishe fedha moja kwa moja, na makato ya hundi kurudi umdai yeye. Hiyo hundi usimrudishie kabla hajalipa, ndiyo ushahidi wako.